Dereva wako hajawahi kukosea wimbo

"Nimeandika hadithi fupi kuhusu dereva wa teksi wa Kisumu, mwaka 1994, anayemchagulia kila abiria wimbo unaolingana na hali ya moyo wake. Abiria ni saba, na kila mmoja anashuka amepata nafuu. Dereva huyo nimemchora kutoka kwa marehemu baba yangu. Wanaoisoma wanasema ni nzuri, lakini nikiwauliza imeishaje, hawakumbuki. Nipunguze abiria au niongeze? Na je, naruhusiwa kunukuu maneno ya nyimbo? Nakala nimeambatisha."

Pole kwa kuondokewa na baba, na asante kwa kuniamini na nakala yako. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma kama msomaji tu, na niliposhika kalamu mara ya pili nilipigia mstari ile sentensi ambapo dereva anafuta vumbi kwenye kaseti kwa kidole gumba kabla ya kuitia redioni. Mtu aliyeandika hivyo ameketi kiti cha mbele cha gari hilo. Lugha yako haina ugonjwa, kwa hiyo usianze kuikwangua.

Wala idadi ya abiria si ugonjwa. Ukiwapunguza wawe watatu, au ukiwaongeza wawe kumi, wasomaji wako wataendelea kusahau mwisho, kwa sababu katika safari zote saba dereva hajakosea wimbo hata mara moja. Muuza samaki wa Dunga amepata bei nzuri, anapigiwa wimbo wa kasi, anacheka. Mwanafunzi ameanguka mtihani, anapigiwa wimbo wa taratibu, anafuta machozi. Nikifika kwa abiria wa nne ninajua tayari atakachofanyiwa na atakavyoshuka. Swali pekee linalonibaki ni wimbo gani, na hilo ni swali la mtangazaji wa salamu za redioni. Msomaji wa hadithi hujiuliza kitatokea nini.

Tukio katika hadithi ni badiliko ambalo haliwezi kurudishwa nyuma. Wimbo uliopatia haubadilishi kitu kati ya watu wawili waliomo garini: abiria alikuwa na huzuni, dereva akaiona, redio ikakubaliana naye, akalipa, akashuka. Wimbo uliokosea ndio unaomlazimisha mtu aseme. Abiria ambaye angenyamaza hadi stendi sasa inabidi aeleze kwa nini wimbo huo haumfai, na dereva inabidi aeleze kwa nini alidhani ungemfaa. Hapo ndipo watu wawili wasiojuana wanaanza kudaiana kitu.

Nadhani najua kwa nini hukumruhusu akosee. Umeliandika mwenyewe katika sentensi ya tatu ya swali lako. Unamlinda baba. Nimehariri hadithi nyingi zilizoandikwa na watoto kuhusu wazazi waliotangulia, na karibu zote zina kasoro hii moja: kila mtu katika hadithi ana haki ya kuteleza isipokuwa yule anayependwa. Lakini msomaji hampendi mtu kwa sababu hakosei. Humpenda kwa anachofanya dakika mbili baada ya kukosea.

Sasa tuingie ndani ya gari, maana huko ndiko kwenye mali yote ya hadithi yako.

Fikiria kwanza dereva anajuaje hali ya abiria. Wewe umeandika "alikuwa na huzuni" mara nne, kana kwamba imeandikwa usoni. Dereva haioni huzuni. Anaona vitu vidogo, kisha anabahatisha. Anaona abiria ameketi wapi. Gari letu usukani wake uko kulia, na kioo cha ndani kinamwonyesha vizuri aliyekaa nyuma upande wa kushoto au katikati. Anayejibanza nyuma ya kiti cha dereva mwenyewe huwa haonekani vizuri, na wapo wanaokaa hapo kwa kusudi hilo. Anaona mlango umefungwa kwa mikono miwili au umebamizwa. Anasikia kama abiria amesalimu kwanza au ametaja mahali tu. Anaona mzigo unawekwa sakafuni au unapakatwa. Mpe msomaji vitu hivi, umnyime neno "huzuni," naye atabahatisha pamoja na dereva. Akibahatisha pamoja naye, atakosea pamoja naye, na aibu itampata yeye pia.

Kuna jambo la pili ambalo mtu wa Kisumu analijua bila kuambiwa, na hadithi yako imelipita mbio. Mjini kwetu kuchagua wimbo ni kuchagua lugha, na kuchagua lugha ni kumwambia mtu unadhani yeye ni nani. Dereva akitia benga ya Kijaluo, amemwambia abiria: wewe ni wa hapa. Akitia muziki wa Kiluhya, amemwambia: nimesikia lafudhi yako, najua unaelekea Luanda au Mbale. Akitia wimbo wa injili, amekisia dini yake, na pengine amekisia shida yake. Rumba ya Lingala ndiyo salama ya wote, maana wengi wetu hatukuelewa maneno yake, kwa hiyo hakuna aliyeona amesemwa. Zilizopendwa za Kiswahili nazo zilikuwa uwanja wa katikati. Dereva mzoefu, akimpakia mtu asiyemsoma, angeanza na Lingala kisha asubiri. Hilo la kusubiri halimo popote katika kurasa zako kumi na mbili, na mimi ningeliweka kwenye ukurasa wa kwanza.

Ona pia linalowezekana hapo. Dereva anaweza kupatia kabila na akakosa moyo. Mama anamsikia msaidizi wa matatu akimwita kwa Kiluhya na anaitika "mulembe." Dereva anafurahi, anatia ngoma za kwao. Amemjua anakotoka, lakini hajamjua leo.

Kuhusu hali ya moyo yenyewe, kuna dhana mbili ndani ya hadithi yako zinazogombana. Kwa mwanafunzi dereva anapiga wimbo unaofanana na huzuni yake. Kwa mjane wa Nyalenda anapiga wimbo wa furaha ili kuifukuza huzuni, na mjane anashuka akitabasamu. Hizi ni njia mbili tofauti, na ya pili mara nyingi hushindwa. Wanaotumia muziki kama tiba wana kanuni ya zamani, iliyoandikwa na daktari mmoja wa Marekani, Ira Altshuler, katika miaka ya 1940: anza na muziki unaolandana na hali aliyonayo mgonjwa, kisha uubadilishe polepole kuelekea unakotaka afike. Aliye chini ukimpigia ngoma ya harusi mara moja, muziki unabaki nje yake. Anausikia kama mtu anayesikia sherehe ya jirani usiku wa msiba wake mwenyewe. Ukianza alipo, sikio linafunguka, na hapo ndipo unaweza kumsogeza.

Lakini kusogeza huko kunataka muda, na muda ndio usionao. Nimepima safari zako. Kutoka Kondele hadi stendi kuu ni kilomita chache, tuseme dakika kumi kukiwa na mvua. Wimbo wa wakati ule uliotoka kwenye sahani ndogo ya santuri ulikuwa kama dakika tatu upande mmoja. Kwa hiyo dereva ana nafasi ya nyimbo tatu, na ya nne itakatwa na mlango. Mjane wako anatoka kwenye kilio hadi tabasamu ndani ya wimbo mmoja na nusu. Msomaji hatajua kwa nini hakuamini, atahisi tu kwamba amedanganywa. Linalowezekana katika dakika kumi ni dogo zaidi, na kwangu ni zuri zaidi: mtu aliyekuwa ameshikilia mkoba kwa mikono miwili auweke chini. Basi. Mwache ashuke bila tabasamu.

Halafu kuna kaseti. Hapa nakuomba uketi na unisome polepole, kwa sababu kosa hili la kifundi ndilo litakalokuokoa. Katika nakala yako dereva "anabonyeza" na wimbo anaoutaka unaanza. Hiyo ni flashi ya leo. Mwaka 1994 redio ya kawaida ya gari haikuruka kutoka wimbo hadi wimbo. Kaseti ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, na wimbo ulioutaka ulikuwa mahali fulani katikati ya utepe. Ili kuufikia ulibonyeza kusogeza mbele, ukaacha, ukasikiliza umefika wapi, ukarudisha kidogo. Huwezi kufanya hivyo ukiwa na abiria anayekutazama huku unakwepa mashimo.

Basi dereva anayechagua nyimbo alipaswa kuziandaa kabla. Alikuwa na kaseti saba au nane kwenye kijisanduku cha mbele, kila moja imeshasogezwa hadi mwanzo wa wimbo fulani, kwa kalamu ya biro iliyotiwa kwenye tundu la kaseti na kuzungushwa ili asimalize betri ya gari akiwa ameegesha. Kaseti moja, wimbo mmoja tayari. Akishaupiga, wimbo huo hauko tayari tena hadi arudishe utepe. Asubuhi ana nafasi nane. Kufikia saa kumi jioni amebaki na mbili. Unaona hadithi yako inavyoanza kukaza yenyewe? Abiria wa jioni hapati wimbo unaomfaa. Anapata uliobaki.

Na akikosea, hakuna kitufe cha kuruka. Inabidi aitoe kaseti. Ule mlio wa kaseti kuchomoka, kisha ukimya, kisha mvua juu ya bati la gari: hakuna neno la majuto litakalofanya kazi kuliko hayo matatu.

Ngoja nikufanyie safari moja hadi mwisho, ile ya mjane wako wa Nyalenda, maana yeye ndiye ningembakisha. Katika nakala yako anatoka lango la hospitali kuu, dereva anaona amefiwa, anatia wimbo. Mimi ningeiandika hivi, na uchukue tu kinachokufaa:

*Mvua ya kutoka ziwani ilikuwa imeanza aliposimama mbele ya taa za gari. Hakuuliza bei. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia akajisogeza hadi nyuma yangu mimi, pale kioo kisipofika. Nilichoona ni mfuko aliopakata, na ndani yake viatu vya kiume, vyeusi, vimefungwa kamba pamoja.*

*"Stendi," akasema.*

*Nilikuwa nimebaki na kaseti mbili. Moja ilikuwa ohangla. Nikachukua ile nyingine, ya kwaya, nikaifuta, nikaitia. Sauti za wanawake zikaanza chini kabisa, kama zinavyoanza kanisani jeneza likiwa bado mlangoni.*

*Tulipita soko la Kibuye bila neno. Beti ya pili ilipoanza akagonga kiti changu kwa viatu.*

*"Dereva. Zima hiyo."*

*Nikaitoa.*

*"Hajafa," akasema. "Amelazwa. Amenituma nivipeleke kwa fundi vitiwe soli, kwa sababu anasema atatoka huku kwa miguu yake."*

Angalia kazi inayofanywa na kila kitu hapo. Kukaa nyuma ya dereva kunamnyima kioo, kwa hiyo ana mfuko tu wa kusoma. Viatu vya mwanamume mikononi mwa mwanamke anayetoka hospitali jioni: mimi na wewe tungebahatisha vilevile. Kaseti mbili zilizobaki zinamfanya asiwe mpumbavu. Alichagua yenye heshima. Na kosa lake si dogo. Amemzika mume wa mtu kabla ya wakati, kwa kwaya, tena kwa huruma yake yote. Mama huyu ametumia siku nzima akikataa mawazo ya kifo, na mtu asiyemjua ameyatia redioni.

Sasa hadithi imeanza. Dereva atafanya nini kati ya Kibuye na stendi? Ana dakika tano na kaseti moja ya ohangla, muziki wa harusi na vileo. Anaweza kuomba radhi. Anaweza kunyamaza. Anaweza kumuuliza fundi wake ni yupi. Mimi ningemfanya aseme jambo la kifundi kabisa, mfano: "Soli ya tairi haiishi haraka, lakini nzito. Mgonjwa afadhali ya mpira." Hapo amekubali kwamba yule mgonjwa atatembea. Hakuna wimbo uliolandana na moyo wa mama huyo kama sentensi hiyo, na haikutoka kwenye redio. Kisha mama mwenyewe aulize: "Hiyo nyingine ni nini?" Wewe uamue kama anaipiga.

Utaona pia nimemfanya dereva asimulie mwenyewe. Wewe umesimulia kutoka juu, ukiingia kichwani mwa abiria mmoja baada ya mwingine, na hilo linaua kubahatisha kote. Ukishaniambia anachowaza mjane, dereva hana cha kukosea machoni pangu. Nafsi ya kwanza ina hatari yake, nakubali: msimulizi anaweza kuanza kujisifu, na itabidi ujizuie usimpe hekima kila aya. Kama nafsi ya kwanza inakushinda kwa sababu ni sauti ya baba, basi simulia katika nafsi ya tatu lakini usitoke nje ya macho yake. Tusijue lolote ambalo yeye hajaliona au kulisikia.

Njia unazoweza kufuata naziona tatu. Ya kwanza ndiyo hii: abiria mmoja, jioni moja, na wale wengine sita wageuke kaseti zilizokwisha kupigwa, wapewe sentensi moja moja tu. Muuza samaki wako anaweza kubaki kama harufu ya kiti cha nyuma. Hiyo itakupa hadithi ya maneno kama 2,000, iliyobana, na ndiyo ningekushauri.

Ya pili ni kubaki na abiria wote saba, lakini uwafunge kwa uzi mmoja. Uzi wenyewe uwe zile kaseti zinazopungua, na makosa yaongezeke kadiri siku inavyokwenda: asubuhi anapatia, adhuhuri anapatia kwa bahati, alasiri anakosea kidogo na abiria anavumilia, jioni anakosea kwa mama wa viatu. Hii inawezekana, ila ni ngumu, kwa sababu kila abiria lazima abadilishe kitu ambacho anayefuata atakikuta. Mwanafunzi akiacha kitabu chake garini, mama wa viatu akikalie. La sivyo utarudi kwenye orodha uliyonayo sasa.

Ya tatu nisingependa uichukue kwa kukimbia, lakini ni halali: acha kuiita hadithi. Andika kumbukumbu ya baba yako, kwa jina la "baba," na umpe haki ya kupatia kila wimbo kama ndivyo unavyomkumbuka. Kumbukumbu haidai tukio kama hadithi inavyodai. Inadai ukweli, na utalazimika kutofautisha ulichokiona na ulichosimuliwa. Ukiona kila unapojaribu kumkosesha dereva mkono unakataa kuandika, hiyo ni dalili kwamba kilicho mbele yako ni kumbukumbu. Usiulazimishe.

Vitu vidogo viwili vya kusahihisha, njia yoyote utakayochagua. Ukurasa wa tano una bodaboda ya pikipiki inayompita dereva. Kisumu ya 1994 bodaboda ilikuwa baiskeli, yenye kiti cha sponji nyuma. Na abiria wako wa sita anampigia dereva simu aje kumchukua. Simu za mkononi hazikuwa za watu wa kawaida wakati huo. Mpe kijana atumwe kituoni, utapata na mazungumzo ya bure.

Sasa maneno ya nyimbo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inayalinda maneno ya wimbo na muziki wake kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Mtunzi aliyefariki mwaka 1990, kwa mfano, maneno yake yanalindwa hadi mwisho wa 2040. Kwa hiyo nyimbo karibu zote ulizonukuu bado zina wenyewe. Sheria inaruhusu matumizi kadhaa ya haki, kama kunukuu katika uhakiki na kutaja chanzo, lakini beti nzima ndani ya hadithi inayouzwa si mahali pa kujitetea kwa hilo. Imani kwamba mistari minne ni bure haina msingi. Sheria haihesabu mistari. Kutaja jina la wimbo au la mwimbaji kwa kawaida hakuna shida. Usidhani pia kwamba wimbo wa mapokeo hauna mwenyewe kabisa, kwani tangu 2016 tuna sheria inayolinda tamaduni za jamii.

Lakini hata kama ungepewa ruhusa zote, ningekuomba uzifute zile beti. Zinafanya kazi ambayo ilikuwa yako. Msomaji asiyeujua wimbo haambulii kitu kwenye maneno yake, na anayeujua anaondoka kwenye hadithi yako kwenda kuimba. Tueleze sauti. Benga unaijua: gitaa linaanza peke yake, mwimbaji anaingia, na kila anapomaliza mstari gitaa linamjibu kama mtu anayemkubalia shangazi. Kisha maneno yanaisha, waimbaji wananyamaza, na magitaa yanashika kasi peke yao hadi mwisho. Kwenye santuri nyingi za zamani wimbo uligawanywa: kuimba upande mmoja, sehemu ya magitaa upande wa pili. Dereva aliyerekodi kaseti yake kutoka kwenye santuri alikuwa na pengo katikati, pale mtu alipoinuka kuigeuza sahani. Pengo hilo la sekunde chache ni lako bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Mama anaweza kusema ndani yake neno ambalo asingelisema juu ya muziki.

Yapo mambo ambayo siwezi kukumalizia kwa maandishi. Ukiamua kubakisha hata mstari mmoja wa wimbo na mchapishaji amekubali hadithi, peleka nakala kwa wakili anayejua hakimiliki, au uulize katika ofisi ya Halmashauri ya Hakimiliki ya Kenya kabla ya kutia saini. Mikataba mingi huweka mzigo wa ruhusa kwa mwandishi, na hutaki kuligundua hilo baadaye. Halafu tafuta dereva mmoja mkongwe pale kituoni, aliyekuwa kazini miaka ile, umlipe nauli ya saa moja na mzunguke mji bila kwenda popote. Usimhoji. Mwache atie muziki wake, uangalie anaupandisha lini na anaupunguza lini. Wengi huupunguza abiria anapoanza kuongea na mwenzake, na si kwa adabu tu: wanataka kusikia. Hilo nalo halimo kwenye hadithi yako, na linamfanya dereva awe mtu mwenye haja zake.

La mwisho ni la kwako na mama yako, kama yupo, au ndugu zako. Kabla ya kumwandika baba akikosea, keti nao. Wajue unafanya nini, maana kijiji kitamtambua hata ukimbadilisha jina. Na kama kila ukikaa kuandika unalia hadi kalamu inaanguka, na imepita miezi hali haipungui, usiiachie hadithi peke yake mzigo huo; mwone mshauri nasaha au mtu wa kanisani unayemwamini, ana kwa ana. Hadithi itakungoja.

Ukiketi na mama, usimuulize baba alikuwa mtu wa namna gani, utapata maneno ya mazishini. Muulize kaseti zake ziko wapi. Kisha muulize ni ipi ambayo baba hakuwahi kuipiga akiwa na abiria garini, na unitumie atakachojibu pamoja na rasimu mpya.